Jiko la umeme na njia yake: kuchagua breka, waya na swichi, kisha kuvifunga

Jiko la umeme lenye plati nne na oveni huuzwa bila plagi. Wanunuzi wengi hapa Dar es Salaam hudhani imesahaulika kiwandani, wakatafuta fundi wa mtaani awawekee. Plagi ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampea 13, na kwa umeme wetu wa volti 230 hiyo inabeba kama kilowati 3 tu. Jiko hilo likiwashwa lote hutaka karibu mara tatu ya hapo. Ukilichomeka kwenye soketi ya friji, siku za mwanzo litafanya kazi kwa sababu unawasha plati moja. Siku ya wageni, ukiwasha plati tatu na oveni, fyuzi itakatika. Na ikiwa kuna mtu amezungushia fyuzi hiyo kipande cha waya, basi soketi ndiyo itakayoyeyuka.

Kwa hiyo jiko linahitaji njia yake peke yake kutoka kwenye meni swichi: breka yake, waya mnene usiogawana na soketi yoyote, na swichi ya kulikatia umeme iliyo karibu nalo. (Jiko la gesi lenye oveni ndogo ya umeme ya kilowati 2 au 2.5 ni jambo jingine. Hilo linaweza kukaa kwenye soketi nzuri ya ampea 13.)

Nitaeleza kwa kufuata kazi moja niliyoifunga Tabata, kwa mama anayeoka keki za oda. Nyumba ina umeme wa njia moja, yaani fezi moja, meni swichi iko koridoni, na jiko likawa mwisho wa nyumba, kama mita 14 kwa njia ya waya. Aliponiona nimetoa daftari badala ya bisibisi aliniambia, "Mwanangu, si uchomeke tu tuone kama linawaka?" Nikamwambia, "Litawaka mama, lakini tuanze na hesabu kwanza."

Tahadhari moja kabla ya hesabu. Kuchagua vifaa, kupima njia na kuandaa mabomba unaweza kushiriki hata kama si fundi. Kufungua meni swichi na kuunganisha ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na una haki ya kumwomba akuonyeshe leseni hiyo. Mita ya LUKU na lakiri zake ni za TANESCO, fundi wako asiziguse.

Hatua ya kwanza: soma kibati cha jiko

Nyuma ya jiko, au ukifungua mlango wa oveni pembeni, kuna kibati kilichoandikwa volti na wati. Jiko la yule mama lilikuwa na plati nne zenye jumla ya kilowati 6 na oveni ya kilowati 2.5. Jumla ni wati 8,500. Gawanya kwa 230, unapata ampea 37.

Hapo mtu hukimbilia kusema breka iwe ya 40 au zaidi. Lakini plati na oveni zina themostati: zikishapata moto hujizima na kujiwasha, na ni nadra zote kuwa zimewaka kwa pamoja kwa muda mrefu. Mwongozo wa ufungaji umeme wa Uingereza, ambako mtindo wa soketi zetu ulikotoka, una hesabu yake kwa jiko la nyumbani. Chukua ampea 10 za kwanza zote, ongeza asilimia 30 ya zinazobaki, na kama swichi ya jiko ina soketi juu yake ongeza 5. Kwa jiko letu: 10, kujumlisha asilimia 30 ya 27 ambayo ni kama 8, kujumlisha 5 za soketi. Jumla ni ampea 23. Breka ya 32 inatosha bila wasiwasi.

Nilimuuliza yule mama swali ambalo kila fundi anapaswa kuuliza: unapika vipi? Oveni ya keki inawaka mchana kutwa, lakini plati zinakuwa zimelala. Kwa hiyo hesabu ile inasimama. Angekuwa anapika chakula cha kuuza, plati zote nne zimewaka kuanzia asubuhi, nisingeitumia. Ningechukua ampea 37 zote na kwenda breka ya 40 na waya wa milimita 10 za mraba.

Na je, akiwasha kila kitu kwa robo saa siku ya Idi? Breka ya 32 haikatiki mara tu inapofika 32. Imetengenezwa ivumilie hadi kama ampea 36 kwa saa nzima bila kukatika, na juu kidogo ya hapo huchukua muda mrefu kabla ya kuchoka. Robo saa ya 37 haitaishtua, na waya uliochaguliwa vizuri hautaumia.

Hatua ya pili: waya, na joto la darini

Breka hailindi jiko. Inalinda waya. Ukilikumbuka hilo hutakubali ushauri wa "breka inakatika, weka kubwa". Mpangilio ni huu: matumizi ya jiko yawe chini ya breka, na breka iwe chini ya uwezo wa waya. Ukibadilisha breka ya 32 kuwa 63 huku waya ni uleule, umeuondolea waya mlinzi wake.

Waya wa shaba wa milimita 6 wenye ganda la kawaida la plastiki, ukiwa ndani ya bomba ukutani, unabeba ampea 41. Hiyo ni pale ambapo hewa inayouzunguka ina nyuzijoto 30. Dar es Salaam ukutani koridoni tuna nyuzi 30 hadi 35, na kwa 35 uwezo unashuka kidogo tu, hadi kama 38. Bado uko juu ya breka ya 32. Safi.

Sasa panda juu ya silingi bodi saa nane mchana mwezi wa Februari. Bati limepigwa na jua tangu asubuhi, upepo haupiti, na huwezi kukaa humo dakika kumi. Tuseme humo ni nyuzi 50. Waya uleule wa sita sasa unabeba ampea 29 tu, yaani chini ya breka ya 32. Breka itaona kila kitu kiko sawa wakati ganda la waya linalainika na kukauka mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana ukifungua dari za nyumba nyingi za hapa unakuta waya zilizopasuka ganda ukizikunja kidogo. Na darini ndiko mafundi wengi tunakopenda kupitisha waya, kwa kuwa hakuna kuchimba ukuta.

Una njia mbili. Ama upitishe bomba ukutani, chini ya dari, ubaki na waya wa milimita 6. Ama, kama darini hakuepukiki, utumie waya wa milimita 10, ambao hata kwa nyuzi 50 unabeba kama ampea 40. Kwa yule mama tulipitisha ukutani: bomba la milimita 25 lililofuata pembe ya koridoni mpaka jikoni. Bomba la 20 linaonekana linatosha ukiwa dukani, ila waya tatu za sita zikifika kwenye kona ya pili hazivutiki, na ukizilazimisha unachubua ganda.

Nunua waya tatu tofauti za milimita 6: wa moto, wa nyutro na wa eathi. Usikubali eathi nyembamba "kwa sababu haina kazi". Siku ya hitilafu eathi ndiyo inayobeba mzigo wote.

Dukani Kariakoo, kabla hujalipa, omba kipande kidogo uchune ganda. Waya halisi wa sita huwa na nyuzi saba, kila uzi ukiwa na kipenyo cha kama milimita 1.04. Pima uzi mmoja kwa kalipa. Ukisoma 0.85, umeshika waya wa milimita 4 ulioandikwa 6, hata kama ganda lake ni nene na unaonekana umeshiba. Kisha kwaruza uzi kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, rudisha. Tafuta pia alama ya TBS, lakini usiiamini alama peke yake bila kisu na kalipa, maana anayeghushi waya hashindwi kughushi maandishi.

Hatua ya tatu: swichi ya jiko

Swichi ya kulikatia jiko umeme ni ile kubwa ya ampea 45 inayokata waya zote mbili kwa pamoja, moto na nyutro. Huwa na kitufe chekundu na mara nyingi taa ndogo. Swichi ya taa au ya kiyoyozi cha ampea 20 haifai hapa hata kama muuzaji anakuhakikishia.

Mahali pake ni pembeni mwa jiko, umbali usiozidi mita 2, mahali unapofika bila kupitisha mkono juu ya plati. Kosa la kawaida ni kuiweka ukutani juu ya jiko katikati. Mafuta yakishika moto kwenye kikaango, mkono wako utapita juu ya moto ili kuzima. Iweke pia mbali na sinki, angalau sentimita 30 kutoka ukingoni.

Boksi la ukutani liwe la kina cha milimita 47. Boksi fupi la soketi halina nafasi ya kukunja waya wa sita, na ukibana kifuniko kwa nguvu waya husukumana na kulegeza skrubu ulizozikaza muda mfupi uliopita. Wachia waya urefu wa kama sentimita 15 nje ya boksi.

Chini, nyuma au ubavuni mwa jiko, weka boksi la pili lenye tamino za kuunganishia jiko. Kutoka swichi hadi hapo waya ni uleule wa sita ndani ya bomba. Kutoka hapo hadi kwenye jiko ni kebo nyumbufu ya mpira, yenye waya tatu za milimita 6, inayostahimili joto. Iache iwe ndefu kiasi cha kulivuta jiko mbele kama mita moja ili mtu afagie nyuma yake, na uifunge isiguse mgongo wa oveni.

Hatua ya nne: kuunganisha

Zima meni swichi. Pima kwa mita kwamba hakuna umeme kati ya moto na nyutro, moto na eathi, nyutro na eathi. Kabla ya kupima, jaribu mita yenyewe kwenye kitu chenye umeme, kisha baada ya kupima ijaribu tena. Testa ya bisibisi haitoshi kwa kazi hii.

Kwenye nyumba za zamani moto ni mwekundu na nyutro ni nyeusi, kwenye mpya moto ni kahawia na nyutro ni bluu. Nyumba zilizoongezwa vyumba huwa na mchanganyiko, kwa hiyo usitegemee rangi. Eathi ni kijani na njano, na hapo hakuna mjadala.

Waya wa moto unaingia chini ya breka ya 32. Nyutro inaingia kwenye baa ya nyutro, eathi kwenye baa ya eathi. Kwenye swichi ya jiko kuna tamino za kuingilia na za kutokea, soma maandishi ya nyuma: waya wa kutoka meni swichi unaingia penye SUPPLY au FEED, wa kwenda kwenye jiko penye LOAD.

Sehemu ninayokaa nayo muda mrefu kuliko zote ni skrubu. Menya ganda kiasi cha kina cha tamino tu, nyuzi zote saba ziingie bila hata moja kukatwa, na hakikisha skrubu imebana shaba na siyo ganda. Kaza, tikisa waya, kaza tena, kisha uuvute. Kwenye waya wa soketi, skrubu iliyolegea kidogo inaweza kukaa miaka bila kuleta neno. Kwenye jiko linalovuta ampea 30 hutoa joto siku ya kwanza.

Kisha jiko lenyewe. Majiko mengi yanayokuja kutoka nje yametengenezwa yakubali fezi moja au tatu. Ukifungua kifuniko cha nyuma unakuta tamino sita: 1, 2, 3 kwa moto, 4 na 5 kwa nyutro, na moja ya eathi. Kuna vipande vidogo vya shaba vya kuziunganisha, mara nyingine vimewekwa kwenye kimfuko ndani ya oveni. Kwa umeme wa njia moja, vipande hivyo viunganishe 1, 2 na 3 kwa pamoja, na 4 na 5 kwa pamoja. Usiunganishe 3 na 4, hiyo ni shoti ya moja kwa moja. Mchoro umebandikwa kwenye kifuniko, ufuate huo kama unatofautiana na haya. Ukisahau vipande hivyo, plati mbili zitawaka na nyingine zitabaki baridi, na mwenye jiko atarudisha jiko zima dukani akidhani ni bovu.

Hatua ya tano: eathi na breka ya kuvuja

Nyumba nyingi za hapa zina eathi rodi yake iliyopigwa ardhini. Watu hudhani moto ukigusa bodi ya jiko, rodi itausafirisha na breka itakatika. Fanya hesabu. Rodi nzuri inaweza kuwa na ukinzani wa ohm 20, na kwenye mchanga mkavu huwa zaidi. Volti 230 gawa kwa 20 ni ampea 11.5. Breka ya 32 haitashtuka hata kidogo, na bodi ya jiko itabaki na umeme huku mtoto akilishika akiwa pekupeku kwenye sakafu iliyomwagika maji.

Kwa hiyo lazima iwepo breka ya kuvuja, ile iliyoandikwa RCCB au RCD na 30 mA, yenye kitufe cha T. Hiyo hukata umeme unapovuja hata kidogo sana kuelekea ardhini. Uwezo wake wa kubeba, ule wa 40 A au 63 A ulioandikwa mbele yake, utoshe vitu vyote vilivyo chini yake, siyo jiko peke yake. Kama meni swichi yako haina, iongeze kabla ya kuwasha jiko. Na nyutro ya jiko iingie kwenye baa ya nyutro iliyo chini ya breka hiyohiyo, la sivyo itakatika kila unapowasha plati, bila hitilafu yoyote kwenye jiko.

Hatua ya sita: kupima kabla na baada ya kuwasha

Umeme ukiwa umezimwa, pima kutoka bodi ya jiko hadi baa ya eathi. Kwa mita 14 za waya wa sita usomaji unapaswa kuwa karibu na sifuri. Ukiona zaidi ya nusu ohm, kuna skrubu imelegea. Kisha, swichi ya jiko ikiwa imezimwa, pima ganda la waya kwa mega ya volti 500, kipimo kinachoonyesha kama ganda linavujisha umeme. Njia mpya inapaswa kusoma juu kabisa. Chini ya megaohm 1, usiwashe.

Washa. Bonyeza T, breka ya kuvuja lazima ikate papo hapo. Irudishe, washa plati moja moja huku ukiwa na mita ya kubana kwenye waya wa moto. Plati ya kilowati 2 inasoma karibu ampea 8.7. Zikiwaka zote kwa yule mama tulisoma 36, kisha namba ikaanza kushuka themostati zilipoanza kukata, kama tulivyotarajia.

Acha dakika 30, kisha gusa kifuniko cha swichi na uso wa breka. Uvuguvugu ni kawaida. Kikiwa cha moto kiasi huwezi kuacha mkono, zima na ukaze upya.

Breka ya kuvuja ikikatika mara tu jiko jipya linapowashwa, usianze kulaumu wiring. Elementi zina unga mweupe ndani unaofyonza unyevu, na jiko lililosafiri baharini na kukaa stoo kwenye hewa yetu ya pwani huwa limefyonza. Washa plati moja baada ya nyingine mpaka uijue inayokata. Kama ni oveni na inashika walau kwa muda, iache kwenye moto mdogo kwa nusu saa, mara nyingi hukauka na kutulia. Isiposhika kabisa, fundi aipime elementi hiyo kwa mega. Kuiondoa breka ya kuvuja ili jiko liwake ni jambo nisilolifanya kwa mteja yeyote.

Breka ya 32 ikikatika papo hapo, kuna shoti. Ikikatika baada ya dakika arobaini, ama mzigo umezidi, ama skrubu yake inajitengenezea joto. Na ukisikia jikoni harufu kama ya samaki wakati hakuna samaki, kagua swichi ya jiko na soketi: plastiki ngumu ya vifaa vya umeme hutoa harufu hiyo inapoanza kuungua, kabla hujaona weusi wala moshi.

Mwisho, andika kwa kalamu isiyofutika kando ya breka: JIKO, 32 A, WAYA MM 6. Fundi atakayekuja miaka mitano ijayo hataweza kuona unene wa waya ulio ndani ya ukuta, na maandishi hayo ndiyo yatakayomzuia kuweka breka ya 63.